Jinsi nilivyogundua saa yangu inalipwa kiasi gani

Nilikuwa nawaandikia wateja makala na kutoza kwa neno, nikijiambia naandika maneno 600 kwa saa. Makala ya maneno 1,200, basi, ni saa mbili. Lakini mwisho wa mwezi hela haikulingana na uchovu.

Makala iliyofuata niliipima kwa saa ya simu, kila hatua. Kusoma maelekezo na kujibu ujumbe, dakika 40. Utafiti, 130. Kuandika, 120 kama nilivyodhani. Kuhariri 50, marekebisho ya mteja 60, ankara na kufuatilia malipo 20. Jumla dakika 420, yaani saa saba! Gawanya 1,200 kwa 7: maneno 171 kwa saa. Nilikuwa nalipwa chini ya theluthi ya nilichodhani.

Sasa kazi zenye utafiti natoza kwa mradi: makadirio ya saa zote mara kiwango changu cha saa, marekebisho mawili yakiwemo. La tatu linalipiwa kwa saa, na hilo naliandika kwenye makubaliano kabla ya kuanza. Maelezo mafupi ya bidhaa nimeyaacha kwa neno, maana hayana utafiti, na nikipima bado yanalipa. Kutoza kwa saa tupu sikupendi: ukizidi kuwa mwepesi wa kazi, unapunguziwa malipo.