Siku moja kwenye darubini: kumsaka 21 wa tatu

Saa 2 asubuhi. Seli ya kawaida ina kromosomu 46, na kromosomu 21 zikiwa mbili; leo tunasaka 21 ya tatu, inayoleta hali ya Down. Slaidi za leo zimetokana na damu iliyooteshwa siku nne zilizopita, kwa saa 72. Jana seli zilisimamishwa kwa dawa ya kolsemidi zikiwa zinagawanyika, katika hatua ya metafezi, kromosomu zikiwa zimejikunja na kuonekana vizuri. Zikavimbishwa kwa maji ya chumvi hafifu ili zitawanyike, zikakazwa kwa kemikali, zikadondoshwa kwenye kioo na kuachwa zikauke usiku kucha. Sasa zinapitishwa kwenye kimeng'enya cha tripsini kwa sekunde chache, kisha kwenye Giemsa, rangi ileile ya slaidi za malaria. Tunaanza na slaidi moja tu ya majaribio. Tripsini ikipungua, kromosomu zinatoka nyeusi tii bila mistari. Ikizidi, zinavimba na kingo zinafifia kama pamba iliyolowa. Mwenye haraka huharibu slaidi zote kwa mkupuo mmoja.

Saa 3 na nusu. Kwa lenzi ndogo tunatafuta seli zilizotawanyika vizuri, kisha tunahamia lenzi ya mafuta. Kwa kila mgonjwa tunahesabu seli 20. Kwenye skrini tunaigawa picha vipande vinne vitano, kila kromosomu inayohesabiwa inawekewa alama, kisha mtu wa pili anahesabu upya bila kuambiwa jibu la kwanza. Makosa yanajirudia: mbili zilizopandana zinahesabiwa moja, au ndogo tatu zilizokumbatiana kwa ncha zao za juu zinaonekana mbili. Seli moja yenye 45 si habari, mara nyingi imepasuka ikapoteza kromosomu wakati wa kudondoshwa kwenye kioo. Ila seli zikianza kutofautiana kwa 21 yenyewe, baadhi zikiwa nazo mbili na nyingine tatu, tunaongeza hesabu, maana hapo huenda mwili una aina mbili za seli.

Saa 5. Sampuli ya kwanza, mtoto wa kiume, seli zote 20 zina 47. Idadi peke yake haisemi iliyozidi ni ipi. Ndogo zenye sentromia, yaani kiungo kati ya mkono mfupi na mkono mrefu wa kromosomu, karibu na kichwa ni 21, 22 na Y, na kwa umbo zinafanana. Hapo mistari ndiyo inayoamua. 21 ina mstari mmoja mzito mweusi chini kidogo ya sentromia, na mkia wake umebaki mweupe. 22 ni hafifu karibu yote: weusi wake uko kwenye sentromia, na katikati ya mkono mrefu kuna mstari mwembamba wa kijivu. Y ina weusi wake mwishoni mwa mkono mrefu. Kwa hiyo weusi wa juu ni 21, weusi wa chini ni Y. (Anayepanga kwa ukubwa pekee ajue kwamba 21 ni fupi kuliko 22, majina yalitolewa kabla vipimo havijawa sahihi, yakaachwa vilevile.) Hapa zipo tatu zenye mstari mzito juu, kando yake Y moja. Tunaandika `47,XY,+21`.

Saa 8 mchana. Sampuli ya pili ndiyo iliyokula siku. Daktari ameandika kwenye fomu kwamba mtoto, wa kike, ana dalili zote za Down, lakini kila seli inatoa 46. Anayeishia kwenye hesabu angeandika kawaida na kufunga faili.

Tunapanga jozi moja moja. 21 zipo mbili, safi. 14 iko moja tu, mwenzake hayupo. Imebaki kromosomu moja isiyo na jozi, ya ukubwa wa kati. Upande mmoja wa sentromia yake kuna mkono mrefu wenye mstari mweusi karibu na sentromia na mwingine karibu na mwisho: hiyo ni alama ya 14. Upande wa pili kuna mkono mfupi, mstari mzito umeshikana na sentromia, ncha nyeupe. Huo ni mkono mrefu wa 21. Zimeungana mahali pa sentromia na mikono yao midogo ya juu imepotea, nayo haina jeni ambazo mwili utazikosa. Mikono mirefu ya 21 iko mitatu, ingawa hesabu ni 46.

Saa 10. Seli nyingine za mtoto huyu zinapangwa, zote zinakubaliana, na mtu wa pili anasaini. Ripoti inasomeka `46,XX,der(14;21)(q10;q10),+21`, na chini yake ombi la damu ya wazazi wote wawili. Mzazi mwenye muungano huohuo huonekana mzima kabisa, akiwa na kromosomu 45. Akiwa mama, uwezekano wa mimba nyingine kuwa hivi ni takribani 10 hadi 15 kwa kila 100. Akiwa baba, ni mdogo mno kuliko huo. Hakuna aliye nao? Basi muungano umetokea upya kwa mtoto huyu.