Baridi ya nje pua inaimudu, hewa ya ndani ndo inaikausha

Kila ikifika Januari wageni wapya hapa Edmonton, Kanada, wananiuliza swali lile lile, wanajua mimi ni nesi kwenye wodi ya wagonjwa wa kifua na njia ya hewa: dada, mbona pua inawaka, asubuhi nikipenga inatoka na damu, usiku imeziba upande mmoja? Karibu wote wanailaumu baridi ya nje. Leo nataka nilieleze hili kwa kirefu manake naona vijana wanateseka bure na wengine wanajidhuru kwa dawa. Kinachowakausha zaidi ni hewa ya ndani ya nyumba, ile ya moto tunayoifurahia tukishavua makoti.

Tuanze na pua yenyewe. Ile inayoonekana usoni ni mlango tu, kazi inafanyika nyuma yake, kwenye uwazi unaokwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya koo, juu ya kaakaa. Kila upande, kwenye ukuta ulio upande wa shavu, kuna mikunjo mitatu iliyojitokeza kwa ndani, wa chini, wa kati na wa juu, madaktari wanaiita turbineti. Katikati ya kila mkunjo kuna mfupa mwembamba, na juu ya mfupa nyama laini yenye ute na damu nyingi mno. Wa chini ndo mkubwa kuliko wote na ndo unaobeba sehemu kubwa ya kazi ninayoizungumzia hapa. Kwa sababu ya mikunjo hii hewa haipiti kwenye uwazi mpana, inajipenyeza kwenye nyufa za milimita chache tu, kwa hiyo hewa yote inalazimika kupita karibu kabisa na ukuta wenye joto na majimaji. Inachukua kama robo sekunde hivi kutoka tundu la pua mpaka nyuma ya koo, na kwenye hiyo robo sekunde hewa ya kawaida ya ndani ya nyumba inapanda mpaka nyuzi 31 hadi 34 na inakuwa imeshajaa unyevu karibu wote. Sehemu ndogo iliyobaki inamaliziwa na koo na koromeo, ikifika mapafuni ina nyuzi 37 na haiwezi kubeba maji zaidi.

Kitu ambacho mimi binafsi kinanishangaza mpaka leo ni kwamba pua hairuhusu maji hayo yote yapotee. Ukivuta hewa, mikunjo inatoa joto na maji, kwa hiyo yenyewe inapoa kidogo. Ukitoa pumzi, hewa ya nyuzi 37 iliyojaa mvuke inapita juu ya mikunjo ile ile iliyopoa, inapoa nayo, na mvuke kiasi unageuka maji na kubaki pale pale puani kusubiri pumzi inayofuata. Nje kukiwa na baridi kali mikunjo inapoa zaidi, hasa kule mbele, na maji yanayorudi yanakuwa mengi kuliko pua inavyoweza kuyatumia, tena neva nazo zinashtuka na kuziamsha tezi zitoe kamasi jepesi. Ndo maana kituo cha basi kila mtu anachuruzika pua wala hana mafua. Hiyo siyo pua iliyoshindwa, inafanya kazi yake, beba tishu uende zako.

Sasa njoo ndani. Hapa inabidi tupige hesabu kidogo ila ni nyepesi. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri, hata ikiwa imejaa unyevu kabisa, inabeba kama gramu 1 tu ya maji kwa mita ya ujazo. Hewa hiyo inaingia ndani, hita inaipasha mpaka nyuzi 21, na hewa ya nyuzi 21 inaweza kubeba gramu 18. Lakini hita inaongeza joto, maji haiongezi, kwa hiyo una gramu 1 mahali penye nafasi ya 18, yaani unyevu wa asilimia 5 au 6. Tukipika, tukioga na kupumua humo ndani unapanda, tuseme ufike asilimia 20, hiyo ni kama gramu 4. Mapafu yanataka gramu 44 kwa kila mita ya ujazo, na mtu aliyetulia anavuta kama mita 10 za ujazo kwa siku. Pua na koo vinatakiwa kuongeza gramu 40 mara 10, ni gramu 400 za maji. Hewa inayotoka puani inakuwa na nyuzi 32 hivi na bado imebeba gramu 34, kwa hiyo zile 10 zilizorudishwa na mikunjo ndo faida yako, na 30 zimekwenda. Kwa siku ni gramu 300, chupa nzima ya soda inaondoka kwa kupumua tu. Nyumbani Tanga, kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hewa inaingia ikiwa tayari na gramu 23 hivi, kwa hiyo unachopoteza hakizidi nusu ya hapo. Pua yako imekulia kwenye hewa ile halafu ndani ya siku moja ya ndege unaiambia itoe mara mbili, na wala haipumziki usiku ukiwa umelala karibu na hita.

Damu inayotoka asubuhi mara nyingi haitoki kwenye mikunjo, inatoka mbele kabisa kwenye ule ukuta wa katikati unaotenganisha tundu mbili. Pale ngozi ni nyembamba, mishipa midogo inakutana, na hewa kavu inapiga moja kwa moja. Inakauka, inapasuka, unafanya ukoko, unauchokonoa kwa kidole, basi umeanza upya.

Ukavu una hasara nyingine isiyoonekana haraka, nayo ni ya usafi. Hewa ikiingia inapanda kwanza halafu inakata kona karibu nyuzi 90 kuelekea nyuma, vumbi zito haliwezi kukata kona pamoja nayo, linagonga ukuta na kunasa kwenye ute. Chembe kubwa kuliko maikromita 10 karibu zote zinaishia hapo. Chini ya ute kuna vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, silia, vinapiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde na kuusukuma ule ute kwenda kooni kwa mwendo wa kama milimita 5 au 6 kwa dakika, unaumeza bila kujua na tumbo linamaliza kazi. Ute ukikauka unakuwa mzito, silia zinakwama, uchafu unakaa. Kuna kipimo cha zamani kinachonifurahisha kwa urahisi wake, daktari anaweka punje ya sakarini mbele kwenye mkunjo wa chini na kusubiri uonje utamu kooni: ndani ya dakika 20 hivi ni kawaida, ikipita 30 kuna tatizo la usafirishaji. Ila chujio hili lina mpaka wake, chembe zilizo chini ya maikromita 1 nyingi zinapita, kwa hiyo moshi wa mioto ya misitu unaotufikia huku jimbo letu la Alberta wakati wa kiangazi pua haiwezi kuuzuia, hapo vaa barakoa nzuri au ufunge madirisha.

Anayetaka kujua thamani ya mikunjo hii amwone mgonjwa aliyetobolewa shingoni ili apumulie kwenye mrija. Hewa inaingia moja kwa moja kwenye koromeo bila kupita puani, na tukiiacha ilivyo, makohozi yanakuwa mazito na yanaweza kuuziba mrija kabisa. Kwa hiyo tunamwekea kifaa kidogo mdomoni mwa mrija, pua bandia, ndani yake mna sponji au karatasi maalumu inayonasa mvuke akitoa pumzi na kuurudisha akivuta. Kinasaidia sana, ila makohozi yakianza kuwa mazito bado tunamhamishia kwenye mashine inayopasha maji.

Turudi kwa wale vijana. Mmoja alifika hapa Novemba, akanipigia Januari akasema dada nina nyama za pua, nimeziona kwa tochi ya simu, nataka kukatwa. Nikamuuliza zina rangi gani, akasema nyekundu nyekundu kama ndani ya shavu, ziko pande zote mbili, na zinauma akizigusa kwa kijiti cha pamba. Hiyo ni mikunjo yake ya chini, kila mtu anayo. Nyama zenyewe, polipu, huwa zimepauka kuelekea kijivu, zinang'aa, na hata ukizigusa husikii maumivu. Halafu kuziba kwa zamu, mara kulia mara kushoto, ni kawaida pia: mishipa ya mikunjo inavimba upande mmoja na kunywea upande mwingine, inabadilishana kila saa chache, daktari wa Kijerumani Richard Kayser alishaielezea mwaka 1895. Hewa ikiwa kavu na pua imewashwa unaanza kuihisi.

Tatizo lake lilikuwa dawa. Alikuwa anapulizia ile ya kuzibua, oksimetazolini, tangu Desemba mwanzoni, kila siku. Dawa hii inabana mishipa ya mikunjo na unafunguka ndani ya dakika chache, lakini ukiipitisha siku 3 hadi 5 mishipa inavimba kuliko mwanzo kila inapoisha nguvu, unapulizia tena, na unajikuta huwezi kulala bila kichupa. Alikwenda kwa daktari akaandikiwa ya steroidi ya kupulizia, akaacha ile ya kwanza upande mmoja, baadaye wa pili. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kwelikweli, wiki ya pili akaanza kupumua. Na hata mentoli msidhani inapanua njia, inaamsha tu neva zinazohisi ubaridi puani, unahisi upepo wakati mikunjo imevimba vile vile.

Kwa nyumba nunua kipima unyevu, ni bei ndogo, ukikuta chini ya asilimia 30 weka mashine ya kutoa mvuke chumbani na uioshe mara kwa mara isiote ukungu. Kwenye baridi kali usilazimishe kupita 40, maji yatachuruzika madirishani na ukuta utaota ukungu. Maji ya chumvi ya kupulizia asubuhi na jioni, mafuta kidogo ya kupaka ndani ya tundu mbele, hita ishushwe usiku. Ukiosha pua kwa chupa tumia maji yaliyochemshwa yakapoa au ya kudistili, siyo ya bomba moja kwa moja, kuna amiba adimu lakini anaua akiingizwa puani. Upande mmoja tu ukiziba wiki kwa wiki na unatoa damu, nenda kwa daktari, usisubiri.

Na ukifikia kuambiwa mikunjo ipunguzwe, muulize daktari anapunguza kiasi gani na kwa njia gani. Siku hizi wengi wanapunguza nyama ya ndani na kuacha ngozi ya juu yenye silia. Waliowahi kukatwa mkunjo karibu wote, baadhi yao wamebaki na pua pana, kavu, yenye ukoko, na bado wanalalamika wameziba, kwa sababu ile nyama iliyokuwa inahisi hewa ikipita haipo tena.