Jinsi nilivyokokotoa induktansi na kapasitansi ya laini ya kilovolti 400 kutoka kwenye mchoro wa mnara

Kazi niliyopewa ilikuwa kuandaa takwimu za laini ya msongo wa kilovolti 400 ili ziingizwe kwenye programu ya kuchambua mtiririko wa umeme katika gridi. Kwa kila kilomita programu inadai vitu vitatu: ukinzani, induktansi iliyo katika mfululizo na waya, na kapasitansi iliyo kati ya waya na ardhi. Ukinzani unapatikana kwenye karatasi ya mtengenezaji wa waya. Vile viwili vingine havipatikani hapo, kwa sababu havitokani na waya peke yake, bali na jinsi waya zilivyopangwa angani, yaani umbali kati ya fezi na fezi, na umbali kati ya waya zilizofungwa pamoja ndani ya fezi moja.

Mezani nilikuwa na mchoro wa mnara. Ulionyesha fezi tatu zikiwa katika kimo kimoja, kila moja ikiwa mita 9 kutoka kwa jirani yake, na kila fezi ikiwa na waya mbili zilizotenganishwa kwa sentimita 45. Waya yenyewe ilikuwa ya alumini yenye kiini cha chuma, ya aina ya Bison, ambayo ina nyuzi 54 za alumini na 7 za chuma, na kipenyo cha jumla cha milimita 27. Nilikuwa pia na jedwali lililoandaliwa na mtu mwingine kabla yangu kwa laini hiyohiyo, likisema kwamba induktansi ni milihenri 0.996 na kapasitansi ni nanofaradi 10.94 kwa kilomita. Nililiweka kando kwanza, nikaanza hesabu yangu upya ili nisiongozwe na majibu ya mwenzangu.

Hatua ya kwanza ni kupata umbali mmoja unaowakilisha fezi zote tatu. Fezi ya kati iko mita 9 kutoka kwa kila moja ya zile za pembeni, ilhali za pembeni zenyewe zinaachana kwa mita 18. Umbali unaotumika ni mzizi wa tatu wa zao la umbali huo:

```
Dm = (9 × 9 × 18)^(1/3) = 11.34 m
```

Kuchukua wastani wa namna hii ni halali iwapo fezi zinabadilishana nafasi njiani, kila moja ikikaa katikati kwa theluthi moja ya safari. Laini isiyofanyiwa mabadilishano hayo huwa na fezi ya kati yenye induktansi ndogo kuliko za pembeni, na wastani huo hauonyeshi tofauti hiyo.

Hatua ya pili ndiyo inayowachanganya wengi. Kwenye induktansi tunahesabu uga wa sumaku, na uga huo haupo nje ya waya tu, kwa kuwa mkondo hupita ndani ya waya na sehemu ya uga hubaki humohumo. Ili sehemu hiyo ya ndani isisahaulike, waya hupewa nusu kipenyo kidogo kuliko kile halisi, ambacho kwenye majedwali huandikwa GMR. Kwa waya mnene wa duara usio na nyuzi ni 0.7788 ya nusu kipenyo halisi, na kwa waya wa nyuzi 54 za alumini na 7 za chuma ni takriban 0.81. Nusu kipenyo cha Bison ni milimita 13.5, kwa hiyo GMR yake ni kama milimita 10.94. Kwenye kapasitansi mambo ni tofauti, kwani chaji ya umeme hukaa juu ya uso wa waya, na ndani hakuna kitu cha kuhesabiwa. Huko nusu kipenyo kinachotumika ni kile halisi, milimita 13.5.

Waya mbili za fezi moja zinapofungwa pamoja kwa vitenganishi, huungana kuwa kama waya mmoja mnene. Nusu kipenyo chake ni mzizi wa pili wa zao la nusu kipenyo cha waya mmoja na umbali kati ya hizo mbili. Kwa kuwa tuna nusu vipenyo viwili tofauti, tunapata majibu mawili:

```
Kwa induktansi:   (0.01094 × 0.45)^(1/2) = 0.0702 m
Kwa kapasitansi:  (0.0135 × 0.45)^(1/2)  = 0.0779 m

L = 0.2 × ln(11.34 / 0.0702)   = 1.017 mH/km
C = 55.63 / ln(11.34 / 0.0779) = 11.17 nF/km
```

Ili nione fungu la waya linaleta faida gani, nilirudia hesabu kana kwamba kila fezi ina waya mmoja tu, mpangilio mwingine wote ukibaki uleule. Induktansi ilipanda hadi milihenri 1.389 na kapasitansi ikashuka hadi nanofaradi 8.26. Waya wa pili, basi, umepunguza induktansi kwa zaidi ya robo na kuongeza kapasitansi kwa zaidi ya theluthi. Nilijaribu pia kusogeza fezi kutoka mita 9 hadi mita 10, nikaona induktansi ikiongezeka kwa asilimia 2 tu na kapasitansi ikipungua kwa kiasi kama hicho. Sababu ni kwamba umbali huu wote umo ndani ya logi, na logi huyameza mabadiliko madogo. Nusu kipenyo, kwa upande wake, kimepanda kutoka sentimita 1 hivi hadi sentimita 7, na badiliko la mara sita au saba halimezwi kirahisi. Anayetaka kupunguza riaktansi ya laini kwa kubana minara atahangaika sana kwa mavuno kidogo, ilhali fungu la waya humpa mavuno hayo kwa hatua moja.

Baada ya hapo nilirudi kwenye jedwali la mwenzangu. Namba zake hazikutofautiana sana na zangu, na mtu asiye makini angesema kwamba asilimia 2 ni kitu cha kusamehewa. Kuna kipimo kimoja, hata hivyo, ambacho hukitumia kila ninapopokea takwimu za laini za angani. Ukizidisha induktansi kwa kapasitansi, ukatafuta mzizi wa pili, kisha ukagawanya moja kwa jibu hilo, unapata kasi ambayo wimbi la umeme linasafiri kwenye laini. Kasi hiyo kwa laini isiyopoteza nguvu haiwezi kuipita ile ya mwanga, ambayo ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na inapaswa kuwa chini yake kidogo tu.

```
Langu:       1 / sqrt(1.017e-3 × 11.17e-9) = 296,700 km/s
La mwenzangu: 1 / sqrt(0.996e-3 × 10.94e-9) = 302,900 km/s
```

Kasi iliyozidi ya mwanga inaonyesha kosa la aina moja hasa: GMR imepelekwa kwenye kapasitansi, na nusu kipenyo halisi kikapelekwa kwenye induktansi. Nilipozibadilisha nafasi, namba za jedwali lile zikatoka kama zangu. Ikiwa kasi inalingana kabisa na ya mwanga, maana yake ni kwamba nusu kipenyo kimoja kimetumika pande zote mbili, na sehemu ya uga iliyo ndani ya waya imeachwa au kapasitansi imepewa kisichoihusu.

Kipimo hiki kina upofu wake. Mtu akichukua kipenyo cha milimita 27 akidhani ni nusu kipenyo, induktansi itashuka na kapasitansi itapanda kwa kulingana, na kasi itabaki karibu kilomita 296,400 kwa sekunde kana kwamba hakuna lililoharibika. Hali ni hiyohiyo kwa anayeandika `LOG` badala ya `LN` kwenye lahajedwali, kwa kuwa `LOG` ni ya msingi wa 10. Hapo ndipo ninapotafuta uwiano badala ya zao. Mzizi wa pili wa induktansi kugawanywa kwa kapasitansi hutoa impidansi ya wimbi, ambayo kwa laini yangu ni omu 302. Fezi ya waya mmoja kwa mpangilio huohuo hutoa kama omu 410, na ya waya nne zilizopangwa mraba wa sentimita 45 hutoa kama omu 242. Kosa la `LOG` hushusha jibu la laini yangu hadi karibu omu 131, namba ambayo hakuna mnara wa kawaida wa kilovolti 400 unaoweza kuizaa. Kosa la kipenyo ni gumu zaidi, kwani hushusha jibu hadi omu 281 hivi, ambayo bado inaaminika. Kwa hilo dawa ni kurudi kwenye karatasi ya mtengenezaji na kusoma upya.

Namba ya omu 302 ina matumizi mengine. Mraba wa kilovolti 400 ukigawanywa kwayo unatoa megawati 530, mzigo ambao chini yake laini huzalisha nguvu riaktivu nyingi kuliko inayotumia, na juu yake huanza kuidai kutoka kwenye vituo. Ikiwa haina mzigo kabisa, kapasitansi ya nanofaradi 11.17 katika masafa ya hezi 50 huzalisha karibu megava 0.56 kwa kila kilomita, yaani megava 168 kwa kilomita 300, na volti ya upande ulio wazi hupanda kwa takriban asilimia 5 juu ya ile ya mwanzo wa laini. Nguvu hiyo hufuata mraba wa msongo, kwa hiyo laini hiyohiyo ikiwashwa kwa kilovolti 220 huzalisha megava 51 tu. Jambo hili si la nadharia kwetu Tanzania, kwani laini ya Iringa hadi Shinyanga kupitia Dodoma na Singida ilijengwa kwa msongo wa kilovolti 400 lakini ikaanza kutumika kwa kilovolti 220. Takwimu za induktansi na kapasitansi hazibadiliki msongo unapopandishwa. Kinachobadilika ni ukubwa wa riakta zinazohitajika vituoni kuidhibiti volti.

Kabla ya kukabidhi faili nilifanya sahihisho moja, la ardhi. Ardhi iliyo chini ya waya huongeza kapasitansi kidogo, na kimo kinachohesabiwa si cha mnarani bali cha wastani, kwa sababu waya hulegea katikati ya minara. Kimo cha mnarani hupunguzwa kwa theluthi mbili za mlegeo. Kwa kimo cha wastani cha mita 14, kapasitansi ilipanda kutoka nanofaradi 11.17 hadi 11.38, na induktansi nikaiacha ilivyo. Namba hizi ni za hali ya kawaida, fezi zote tatu zikiwa na mizigo sawa. Za hitilafu ya fezi moja kugusa ardhi nilizihesabu kwa njia nyingine, kwa kuwa huko mkondo hurudi kupitia udongo na waya za juu za kinga, na umbali wa mita 11.34 hausaidii tena.