Siku moja maishani mwangu: kamati 144 kati ya 120

Saa 11:30 alfajiri. Chai ya rangi, kiporo cha chapati, na bunda la karatasi za jaribio ambalo jana usiku nililisahihisha nusu nikasinzia. Nafundisha hisabati kidato cha tano, tahasusi ya PCM, na wiki hii tupo kwenye mipangilio na uteuzi.

Saa 1:00 nipo kwenye daladala, nimesimama. Hakuna la kusimulia hapo.

Saa 2:00, kipindi cha kwanza. Naanza na jina la darasa lenyewe: "Aliyeandika PCM na aliyeandika MPC wanasoma kombi mbili tofauti?" Wanacheka. Masomo ni yale yale matatu, herufi tumezizoea tu hivyo. Huo ni uteuzi, mfuatano hauna kazi.

Kisha nawarudishia swali la kwanza la jaribio: watu 10, achaguliwe mwenyekiti na katibu. Nusu ya darasa wameandika 10C2, yaani njia za kuteua wawili kati ya 10 bila kujali mfuatano, ambazo ni 45, kwa sababu wameona neno "achaguliwe". Hili la kukariri kwamba "chagua" ni uteuzi na "panga" ni mpangilio sijui wanalitoa wapi, lakini linawagharimu kila mwaka. Neno la swali halikuambii kitu. Chukua jibu moja, badilisha majina mawili nafasi, kisha uliza kama matokeo ni yale yale. Asha mwenyekiti, Neema katibu. Wageuze.

"Kimebadilika kitu?"

"Muulize Asha, Madamu!" anajibu kijana wa nyuma.

Basi mfuatano una maana: 10 × 9, njia 90. Lingekuwa swali la wajumbe wawili wa kawaida, kuwageuza kusingebadilisha chochote, na 45 ingekuwa sahihi.

Saa 4:00, chai. Sijamaliza andazi, binti mmoja ananifuata ofisini na karatasi yake. Huyu hakosei ovyo, ndiyo maana amekuja amenuna.

"Shikamoo, Madamu. Hili la tatu umenikata zote."

Swali: wasichana 4 na wavulana 6, iundwe kamati ya watu 3 yenye angalau msichana mmoja. Yeye kafanya hivi: achukue kwanza msichana mmoja, njia 4, ili sharti litimie. Wamebaki watu 9, achukue wawili wowote, 9C2 ambayo ni 36. Mara 4, anapata 144. Na kamati haina vyeo, kwa hiyo katumia uteuzi kama nilivyofundisha.

Namwambia ahesabu kwanza kamati zote bila sharti lolote. Anabonyeza nCr kwenye kikokotoo: 10C3 ni 120. Ananyamaza. Kamati zenye sharti zimezidi kamati zote zilizopo.

"Sasa nimehesabu nini?"

Namwandikia kamati moja nyuma ya karatasi: Asha, Neema, Juma. Kwa njia yake inaingia mara ngapi? Mara moja Asha akiwa "msichana wa kwanza" na Neema akija na kundi la wawili, mara ya pili Neema akiwa wa kwanza na Asha akifuata. Kamati ile ile, mara mbili. Mfuatano alioufukuza mlangoni ameuingiza mwenyewe dirishani, pale alipomteua msichana mmoja kabla ya wengine, kana kwamba ana cheo.

Anachukua kalamu, anagawa mwenyewe. Kamati za msichana mmoja tu: 4 × 15, ni 60. Za wasichana wawili: 6 × 6, ni 36. Za watatu: 4. Jumla 100. Kisha anarudi kwenye kosa lake: 60 mara moja, 36 mara mbili, 4 mara tatu. Inatoka 144 kamili. Hapo hata mimi nimefurahi, maana sikumwambia afanye hivyo.

Namwonyesha njia fupi: 120 toa kamati za wavulana watupu, 6C3 ambayo ni 20. Inabaki 100.

Kengele. Andazi limepoa.

Saa 7:00 hadi saa 9:00, kikao cha walimu. Kirefu.

Saa 2:00 usiku, namalizia karatasi zilizobaki. Wengine 11 wana 144 ile ile. Mmoja amepata 144, akaikata kwa mstari, pembeni kaandika kwa penseli "imezidi 120??", kisha akaacha nafasi wazi. Nampa alama moja kwa hiyo penseli, halafu naandaa swali lile lile kwa ajili ya kesho, safari hii wasichana 5 na wavulana 3.