Entropia ya kikombe cha chai: grafu imenyooka baada ya kufunika

Hatimaye mstari umenyooka! Kikombe kimefunikwa, pangaboi limezimwa, na logi ya tofauti kati ya halijoto ya chai na ya chumba inashuka bila kupinda, toka juu mpaka chini. Nimeisubiri sana picha hii, kwa sababu bila mstari huo hesabu ya entropia ya chai inayopoa, yaani kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika, haina msingi wa kusimamia.

Vifaa ni hivi: kihisi cha halijoto cha DS18B20 cha kuzamisha majini, rezista ya kiloomu 4.7, Arduino Uno, na kihisi cha pili kinachoning'inia hewani, mbali na kikombe. Chai ni ya rangi, gramu 250. Maziwa nimeyaacha kwa sasa kwa kuwa yanatanda utando juu na kubadilisha jinsi mvuke unavyotoka. Kikombe nakipasha kwanza kwa maji ya moto ili kisiinywe chai joto lake mwanzoni.

Kwa wanaotumia kihisi hiki kwenye vitu vya moto, angalieni sana namba 85. DS18B20 ikiwashwa hukaa na thamani ya nyuzi 85 kamili mpaka imalize kipimo cha kwanza, na ikikatika umeme kidogo njiani inairudia. Kwenye friji ungeishtukia mara moja, lakini kwenye chai iliyotoka jikoni 85 inaonekana halali kabisa. Mimi naitupa kila 85.0 inayokuja peke yake katikati ya namba nyingine. Pamoja na tabia hiyo, bado nakipenda kuliko kile kipimajoto cha bastola cha miale. Bastola inasoma ngozi ya juu ya chai tu, na ngozi hiyo ndiyo inayopoozwa na mvuke, kwa hiyo haikuambii hali ya chai iliyo chini yake.

Mvuke huo ndio ulionisumbua muda wote huu. Kanuni ya Newton inasema kasi ya kupoa inalingana na tofauti ya halijoto kati ya kitu na mazingira yake, kwa hiyo ukichora logi ya tofauti hiyo dhidi ya muda, upate mstari ulionyooka. Kikombe kilicho wazi kilikataa katakata. Mwanzoni mstari ulishuka kwa kasi, kisha ukapinda na kulala, na ulianza kunyooka pale tu chai ilipokuwa vuguvugu. Nikabadilisha kina cha kihisi, nikakoroga kabla ya kila kipimo, nikahamisha meza mbali na dirisha. Ukaendelea kupinda palepale.

Jibu liko kwenye kanieneo ya mvuke wa maji. Kwa nyuzi 80 ni kama kilopaskali 47. Kwa nyuzi 50 ni kama 12 tu, yaani robo. Lakini katika chumba cha nyuzi 27, tofauti ya halijoto imeshuka kutoka 53 hadi 23, ambayo bado ni zaidi ya theluthi. Uvukizi unafifia haraka kuliko tofauti ya halijoto, na ndiyo maana chai ya moto sana inapoa kwa kasi ambayo Newton haielezi. Kiasi chake si kidogo pia: gramu 10 za maji zikigeuka mvuke zinaondoka na takriban juli 23,000. Kwa kikombe kama changu, chote kikipoa hutoa juli 55,000 hivi.

Kwa entropia hili ni kubwa kuliko grafu iliyopinda. Joto lililobebwa na mvuke halijaingia bado kwenye kuta na hewa kama joto. Limejificha ndani ya mvuke mpaka utakapogeuka tena kuwa maji mahali fulani. Chai nayo imepungua uzito njiani. Ukigawanya joto lote kwa halijoto ya chumba ili kupata entropia iliyoingia chumbani, kana kwamba limepita kwenye ukuta wa kikombe, unahesabu kitu ambacho hakikutokea. Ukifunika, mvuke unagonga kifuniko, unakuwa matone na kudondokea ndani. Uzito unabaki, na joto linatoka kupitia kifuniko na kuta.

Sasa hesabu yenyewe, toka nyuzi 80 (kelvini 353) mpaka 27 (kelvini 300):

```python
import math
m, c = 0.25, 4186
T1, T2 = 353, 300
chai = m*c*math.log(T2/T1)
chumba = m*c*(T1-T2)/T2
print(round(chai,1), round(chumba,1), round(chai+chumba,1))
```

Inatoa `-170.3 184.9 14.6`, zote kwa juli kwa kelvini. Joto la kikombe chenyewe halimo. Hii ni chai tu.

Tazameni alama ya kwanza. Entropia ya chai imepungua, na hilo halivunji kanuni yoyote, maana kinachopaswa kuongezeka ni jumla ya chai na chumba. Sababu inaonekana ukiifuata juli moja tu. Ikitoka kwenye chai yenye kelvini 353 inaondoka na entropia ya 1/353. Ikifika chumbani inaleta 1/300. Juli ni ileile, haikuongezeka wala kupotea, lakini upande wa baridi imeleta entropia zaidi ya ile iliyoondoka nayo. Hiyo ziada imezaliwa njiani, na ndiyo inayojumlika mpaka 14.6.

Nikaikata safari katikati, kwenye nyuzi 53.5, nione ziada inazaliwa lini. Nusu ya kwanza ya mshuko imezalisha 10.8 na nusu ya pili 3.9 (desimali zimekadiriwa). Joto lililotoka ni sawa kabisa pande zote mbili, ila karibu robo tatu ya entropia mpya imezaliwa chai ikiwa bado ya kuunguza ulimi. Kadiri halijoto zinavyokaribiana, 1/T ya chai na ya chumba zinakaribia kuwa sawa, na kila juli inazalisha kidogo zaidi ya sifuri.

Na kwa nini chumba hakirudishi juli zile 55,000 ili chai ipate moto tena yenyewe? Hesabu ya nishati peke yake ingeruhusu. Hapa ndipo kanuni ya Boltzmann, S = k ln W, inapoingia. Gawanya 14.6 kwa k, ambayo ni 1.38 × 10⁻²³, unapata kama 10²⁴. W, yaani idadi ya namna ambazo molekuli zinaweza kujipanga, imeongezeka mara e kwa kipeo hicho. Kuiandika namba hiyo kungehitaji tarakimu zaidi ya 4 × 10²³. Kurudi hakujakatazwa, ila njia za kurudi ni chache mno mbele ya njia za kubaki ilivyo.

Nilipanga hatua inayofuata iwe mizani ya gramu chini ya kikombe wazi, ili niuhesabu mvuke. Nimeiweka kando, kwa sababu kuna jambo jingine limenikaa kichwani: kumimina. Chukua gramu 125 za nyuzi 80 na gramu 125 za nyuzi 27, changanya kwenye chupa ya chai inayohifadhi joto. Zinatulia kwenye 53.5. Entropia mpya, kwa hesabu ya logi zilezile, ni kama 3.5, na inazaliwa kwa sekunde chache badala ya saa nzima na zaidi. Shida ni kwamba DS18B20 kwa biti 12 inahitaji milisekunde 750 kwa kipimo kimoja, na ala yake ya chuma nayo inachelewa kupata moto. Naagiza kihisi chembamba cha NTC kesho.