Tarehe ya Kutuma na Tarehe ya Kufika

Mpwa wangu kaniandikia jana usiku: "Shikamoo mjomba. Chuo wanasema faili langu lina upungufu. Nikiwajibu kwamba nitatuma nyaraka haraka iwezekanavyo, itatosha?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia asitume kwanza. Swali lake limenirudisha Machi 2019, kwenye meza ya dada, tukiwa na barua kama hiyo hiyo mbele yetu.

Dada alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya udahili ya chuo kingine, kwa hiyo barua ile aliisoma kwa jicho la mtu wa ndani. Iliandikwa Jumatano, tarehe 6 Machi 2019. Walitaka nyaraka tatu: nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha, cheti cha kuzaliwa pamoja na tafsiri iliyothibitishwa, na transkripti inayotoka moja kwa moja chuo nilichomaliza. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa, tarehe 22 Machi, saa 17:00 kwa saa za kule chuoni.

Kitu cha kwanza alichokifanya dada ni kuzigawa nyaraka zile kwa kuangalia ziko mikononi mwa nani. Pasipoti ilikuwa kwangu, kwa hiyo iende na jibu lenyewe. Tafsiri ilikuwa kwa mfasiri, lakini nikishaipokea naituma mwenyewe. Transkripti haipiti kwangu kabisa: chuo kinaiandaa, kinaifunga kwenye bahasha yenye mhuri na kuituma chenyewe. Nikiifungua bahasha ile, hata kama kilichomo hakijaguswa, inahesabika kama nakala ya kawaida.

Mgawanyo huo ndio unaoamua tarehe ipi unaweza kuiahidi. Rasimu yetu ilianza na sentensi ambayo karibu kila mwombaji huiandika: "Nyaraka zilizobaki nitazituma hivi karibuni." Dada aliikata kwa kalamu.

"Hii mimi ningeifanyia nini?" aliuliza. "Nikiwa na mafaili mia mezani, kwenye faili lako naandika nini? Nipe tarehe niiandike pembeni, ili siku hiyo nifungue faili kuangalia kama kimeingia."

Nikaandika tarehe 14 Machi mbele ya transkripti. Akaiangalia kwa muda.

"Hiyo ni tarehe ya kutuma au ya kufika?"

Swali hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote yaliyofuata. Ofisi ikisoma "itatumwa tarehe 14," inaweza kuisubiri tarehe 14, isiione, na kuandika kwamba mwombaji hakutimiza. Ikisoma "itafika tarehe 20," inajua kwamba ukimya wa tarehe 15 hadi 19 ni wa kawaida. Kwa waraka unaokwenda kwa barua pepe, tarehe hizo mbili ni siku moja. Kwa bahasha inayosafirishwa lazima ziandikwe zote mbili, kila moja na jina lake.

Basi tukakaa na kalenda. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe 7 Machi, na asubuhi yake maombi ya transkripti yalikuwa yameshaingia na ada imelipwa. Chuo nilichomaliza huandaa transkripti kwa siku tano za kazi, na siku ya kuomba haihesabiwi. Ijumaa 8 ni ya kwanza, Jumamosi na Jumapili zinarukwa, Jumatatu 11 ni ya pili, na ya tano inaangukia Alhamisi 14. Kampuni ya vifurushi huchukua siku tatu za kazi, hizo nazo zikianza kesho yake. Kama bahasha inachukuliwa Ijumaa 15, inafika Jumatano 20. Mbele yake zinabaki siku mbili kabla ya mwisho, na dada aliniambia nizihesabu hizo kama mali ya dharura, nisimpe mtu.

Wengi hupotea hapo kwenye kuhesabu. Husikia "siku tano" wakazihesabu zote mfululizo, na wikendi moja tu inatosha kuisogeza tarehe waliyoahidi. Wengine huanza kuhesabu tangu siku walipojaza fomu, ilhali ofisi huanza siku ilipoiona risiti ya malipo. Na kabla ya kuandika tarehe yoyote ni vizuri kuangalia kama kuna sikukuu kati, kwa upande wako na kwa upande wa chuo unachokiandikia.

Tafsiri ilikuwa rahisi zaidi. Mfasiri alisema siku tatu za kazi, yaani hadi Jumanne 12, nasi tukaahidi Jumatano 13, ili ipatikane siku moja ya kuikagua. Ukaguzi wenyewe ni wa lazima: herufi za jina zilingane na za pasipoti, tarehe ya kuzaliwa isigeuzwe, na tamko la mfasiri liwe na sahihi, mhuri na tarehe. Cheti na tafsiri yake huwekwa kwenye faili moja la PDF, cheti kikitangulia. Zikitumwa mbalimbali, anayepokea hawezi kuwa na hakika kwamba tafsiri hii ni ya cheti hiki. Na kama nyuma ya cheti kuna maandishi au mhuri, upande huo nao unaskaniwa, kingo zote nne zikionekana.

Jibu tuliloandika mwishoni lilikuwa hili. Tulilituma kwa kujibu barua pepe yao ile ile, bila kubadilisha kichwa chake, kwa sababu namba ya ombi ilikuwa humo.

> Ndugu Afisa Udahili,
>
> Nimepokea barua yenu ya tarehe 6 Machi 2019 kuhusu nyaraka tatu zinazokosekana kwenye ombi langu, namba kama inavyoonekana hapo juu. Hali ya kila waraka ni hii:
>
> 1. Nakala ya pasipoti: nimeiambatisha hapa.
>
> 2. Cheti cha kuzaliwa na tafsiri iliyothibitishwa: nitavituma kwa barua pepe hii Jumatano, tarehe 13 Machi 2019.
>
> 3. Transkripti: niliiomba leo, tarehe 7 Machi. Risiti ya maombi nimeiambatisha. Chuo kitaituma moja kwa moja kwenu Ijumaa, tarehe 15 Machi, na inatarajiwa kufika Jumatano, tarehe 20 Machi. Nitawaletea namba ya ufuatiliaji siku itakapotumwa.
>
> Naomba mnithibitishie kwamba nyaraka hizi zikifika kwa tarehe hizo, ombi langu litaendelea kushughulikiwa.
>
> Wako,

Chini yake jina kamili kama lilivyo kwenye fomu ya maombi, na namba ya ombi kwa mara nyingine.

Mnaona jibu ni fupi. Hakuna maelezo ya kwa nini nyaraka hazikuwepo mwanzoni, kwa kuwa ofisi haikuuliza, na aya ya sababu huificha tarehe ambayo afisa anaitafuta. Risiti ilikuwa na kazi yake. Yenyewe inaonyesha kwamba kazi imeshaanza, na tarehe iliyoahidiwa ina msingi. Sentensi ya mwisho nayo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu inaomba jibu la maandishi. Lisipokuja baada ya siku mbili tatu za kazi, unajua kwamba pengine barua haikusomwa, na bado una muda wa kupiga simu.

Mwezi tuliuandika kwa jina, na siku ya wiki tukaiweka mbele. Ukiandika 7/3, kuna ofisi zitakazosoma tarehe 7 Machi na nyingine tarehe 3 Julai. Siku ya wiki husaidia pia kujikagua: Jumatano isipoangukia tarehe 13, kuna kosa mahali. Saa nazo tuliziacha kama walivyoandika wao, 17:00, tusizigeuze kuwa saa kumi na moja, ili kusiwe na saa mbili tofauti kwenye mawasiliano ya faili moja.

Viambatisho navyo vina njia zake za kukwama. Barua yao iliweka kikomo cha megabaiti 5 kwa barua pepe moja. Picha za simu zikiwekwa mbili tatu hukipita kwa urahisi, na barua iliyozidi inaweza kukataliwa na seva ya chuo kabla afisa hajaiona. Tuliskani kwa dpi 300, kila waraka faili moja, na jina la faili likabeba namba ya ombi na aina ya waraka. Afisa akilipakua jina kama "scan001.pdf" kwenye kompyuta yake, baada ya saa moja hajui ni la nani.

Mengine yalikwenda haraka. Pasipoti ilipokewa, tafsiri ikaenda Jumatano kama tulivyosema. Alhamisi tarehe 14 mchana chuo nilichomaliza kikapiga simu: transkripti imechapwa, lakini mwenye mamlaka ya kusaini amesafiri hadi Jumatatu.

Dada hakutaka tusubiri tuone. Tarehe ya 15 ilikuwa bado haijapita, na taarifa ya kuchelewa ina thamani ikifika kabla ya siku iliyoahidiwa. Tukaandika alasiri ile ile, chini ya mazungumzo yale yale: transkripti itatumwa Jumatatu, tarehe 18 Machi, badala ya Ijumaa 15, inatarajiwa kufika Alhamisi, tarehe 21, siku hiyo hiyo ya 18 chuo kitatuma skani kutoka anwani yake rasmi ya barua pepe, je, skani hiyo inaweza kupokelewa kwa muda wakati asili iko njiani? Wakakubali kesho yake asubuhi, kwa mistari miwili. Skani waliipata Jumatatu, bahasha ikaingia Alhamisi.

Jambo moja mimi na dada hatujakubaliana mpaka leo. Yeye anasema siku za akiba zingefichwa ndani ya tarehe yenyewe: tungeahidi kutuma tarehe 18 tangu mwanzo, na barua ya pili isingehitajika. Mimi naona tarehe iliyonenepeshwa ingeisogeza bahasha hadi Alhamisi 21 hata kabla ya tatizo lolote, na kwa kikomo cha Ijumaa 22 afisa angeweza kuona muda ni mdogo mno na kutukatalia mapema. Huenda jibu linategemea ofisi inayosoma.

Mpwa wangu nimemwambia aniletee kwanza vitu viwili: barua yao nzima, pamoja na tarehe na saa ya mwisho, na jibu la chuo chake cha zamani kuhusu siku wanazochukua kuandaa transkripti, na kama siku ya kulipia ada inahesabiwa humo.