Nilivyoifufua kompyuta ya Baba Mdogo kwa Debian, na jinsi tunavyoisasisha

Baba Mdogo anafundisha jiografia sekondari. Mitihani yake yote tangu 2010 imo kwenye kompyuta mpakato moja nyeusi, nzito, ambayo herufi A kwenye kibodi imeshafutika kwa kubonyezwa. Mwaka 2024 alikuja nayo nyumbani ameifunga kwenye kanga. Nikamwamkia, akaitikia, akaiweka mezani.

"Mwanangu, benki wananiambia kivinjari changu kimepitwa na wakati. Nikitaka kukisasisha, chenyewe kinaniambia kompyuta ndiyo imepitwa na wakati. Sasa nianzie wapi?"

Ilikuwa na Windows 7, ambayo ilikoma kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Kwa kampuni iliyoitengeneza mashine yenyewe, draiva za mwisho zilikuwa za 2012, na baada ya hapo kimya. Windows 11 haikuwa njia, kwa kuwa inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na mashine hii haina. Lakini nilipoifungua nyuma, feni ilikuwa inazunguka vizuri, skrini haikuwa na doa, na kichakataji chake ni Core 2 Duo cha biti 64. Hilo la biti 64 ndilo nililolitazama kabla ya lingine lolote. Mifumo mingi ya Linux, ambayo huwekwa badala ya Windows, imeacha au inaacha kuhudumia mashine za biti 32, kwa hiyo ukiwa na ya biti 32 uwanja wako ni mdogo sana.

Kati ya mifumo hiyo ya Linux nilichagua Debian 12 yenye Xfce, mazingira mepesi ya menyu na madirisha. Ipo mifumo myepesi zaidi, antiX kwa mfano, ambayo ingetosheka hata na RAM ndogo sana. Ila Baba Mdogo anataka menyu chini, mafaili mezani na saa pembeni, na mimi nilitaka mfumo ambao toleo lake moja linahudumiwa miaka mitano: mitatu ya huduma kamili na miwili ya usalama tu. Sikutaka awe ananiletea mashine kila baada ya miezi tisa.

Kwanza nilinakili mafaili yake yote kwenye diski ya nje. Kisha nikapakua faili la Debian la aina ya `live`, la `amd64`, yaani biti 64, na `xfce`, karibu GB 3, nikaliandika kwenye fleshi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Nikawasha mashine huku nabonyeza F12, nikachagua fleshi. Uzuri wa aina hii ni kwamba mfumo unafunguka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, ukaujaribu kwanza. Nilijaribu waifai, sauti, na kufunga kifuniko kisha kukifungua kuona kama itaamka. Vyote vilikubali. Waifai ndiyo iliyokuwa ikinitia wasiwasi, lakini tangu Debian 12 ya mwaka 2023, faili rasmi la usakinishaji linakuja na programu ndogo ambazo vifaa kama kadi za waifai huzihitaji ili vifanye kazi. Zamani ulilazimika kuzitafuta mwenyewe.

Baada ya kusakinisha, mashine ilikuwa nzima lakini nzito. Firefox ilichukua kama sekunde 40 kufunguka. Nikaandika `top` kwenye dirisha la amri nikatazama mstari wa `%Cpu(s)`: namba iliyo mbele ya `wa` ilikuwa inapanda hadi 70. Namba hiyo ni muda ambao kichakataji kimekaa bure kikisubiri diski. Yaani tatizo halikuwa kichakataji hata kidogo, ilikuwa diski ya zamani inayozunguka. Nikanunua SSD, diski isiyozunguka, ya GB 120 na RAM iliyotumika ya kufikisha GB 4, nikasakinisha upya. Firefox ikawa inafunguka kwa sekunde chache. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua SSD.

Kazi niliyoithamini zaidi ilianza hapo, ya kumfundisha Baba Mdogo kuisasisha mwenyewe. Amri ni mbili, na neno `sudo` mbele yake ni ruhusa ya msimamizi:

```
sudo apt update
sudo apt upgrade
```

Alidhani zinarudia jambo moja, na nimekuta wengi wakidhani hivyo. Ya kwanza haibadilishi programu yoyote. Inakwenda kwenye ghala la Debian kuchukua orodha mpya ya kilichopo, basi. Ya pili ndiyo inayolinganisha orodha na ulichonacho, inakwambia ni programu zipi zitabadilishwa na ni MB ngapi zitapakuliwa, halafu inasubiri ukubali. Hapo kwenye kusubiri ndipo Baba Mdogo anapotazama bando lake. Akiona MB 300 anabonyeza `n`, anangoja bando la usiku. Mashine haimshurutishi, wala haijiwashi upya katikati ya kuandika mtihani.

Siku moja baada ya likizo akanipigia. Kompyuta ilikuwa imezimwa zaidi ya wiki mbili, na sasa `apt update` inagoma. Akanitumia picha ya skrini:

```
E: Release file for http://deb.debian.org/debian/dists/bookworm-updates/InRelease
is not valid yet (invalid for another 16d 4h 12min 9s).
```

Nikamwambia, "Baba Mdogo, tazama tarehe hapo pembeni." Ilikuwa ileile ya siku aliyoizima. Betri ndogo inayotunza saa wakati mashine haina umeme ilikuwa imekufa. Debian huwa inahifadhi saa ya mwisho inayoijua, kwa hiyo ilipoamka ikaendelea kutoka pale ilipolala. Kwa kawaida inaiuliza intaneti saa na kujirekebisha, lakini mtandao aliokuwa akiutumia siku ile haukupitisha maulizo hayo. Amri ya `timedatectl` ilithibitisha, ikionyesha `System clock synchronized: no`.

Kwa nini saa izuie masasisho? Orodha inayotoka ghalani imetiwa sahihi kwa ufunguo wa Debian na ina tarehe ndani yake. Ndiyo njia ya mashine kujua kwamba orodha ni ya kweli na si ya zamani iliyopakwa rangi mpya. Ikikuta orodha imetiwa sahihi siku 16 mbele ya saa yake, haiwezi kupima, inaikataa. Nilimwambia aandike `sudo date -s "2024-07-08 16:40"` kwa tarehe na saa ya wakati ule, na orodha zikaingia. Wiki iliyofuata nikaifungua mashine. Betri ile ni CR2032, ya duara kama sarafu, ila humo ndani ilikuwa imefungwa kwa plastiki ya njano na nyaya mbili. Nikabadilisha, nikaweka saa kwenye BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Debian, tatizo likaisha.

Swali lake lililofuata ndilo lililonifurahisha. Alikuwa amesoma kwamba programu ya zamani ni hatari, akakagua zake, akaona karibu zote ni za matoleo ya nyuma. "Mbona umeniwekea vitu vya juzi, mwanangu?"

Nilimwonyesha `libwebp`, maktaba ndogo inayofungua picha za aina ya WebP. Septemba 2023 iligunduliwa ina tundu kubwa la usalama, lililosajiliwa kwa namba CVE-2023-4863, na picha iliyoundwa kwa hila ingeweza kulitumia kuvamia kompyuta. Waliotengeneza maktaba hiyo waliziba tundu kwenye toleo 1.3.2. Tukaandika:

```
apt policy libwebp7
```

Jibu likaja `1.2.4-0.2+deb12u1`. Ukisoma 1.2.4 peke yake utaapa kwamba mashine ina tundu. Lakini mkia ule, `+deb12u1`, maana yake ni kwamba watu wa Debian 12 wamechukua kiraka peke yake na kukishona kwenye 1.2.4, bila kuleta mabadiliko mengine ya toleo jipya. Wanafanya hivyo makusudi, kwa sababu mabadiliko mengine ndiyo yanayoweza kuvunja kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Kwa hiyo kwenye Debian usihukumu kwa namba ya mbele. Soma mkia, au fungua `apt changelog libwebp7` uitafute namba ya CVE humo. Tuliikuta, na Baba Mdogo akaandika namba ile kwenye daftari lake. Firefox ni tofauti kidogo, kwa sababu inahamishwa kwenye toleo jipya kabisa muda wa lile la awali unapoisha, maana kushona viraka kwenye kivinjari cha zamani ni kazi isiyowezekana.

Kiini chenyewe cha Linux nacho huja kwa `apt upgrade`, lakini hakianzi kutumika mpaka uwashe upya. Cha zamani kinabaki kwenye menyu ya kuwashia, chini ya `Advanced options`. Siku kipya kikigoma, unarudi kwenye kile cha jana na kuendelea na kazi.

Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Nilisubiri hadi likizo ya Desemba, tukanakili mitihani yote kwanza, tukamaliza masasisho yote ya 12, kisha tukachomeka chaja, kwa sababu betri ya mashine ile haifiki nusu saa. Jina la 12 ni `bookworm`, la 13 ni `trixie`, na kuhama ni kubadilisha jina hilo kwenye faili linaloeleza ghala lilipo:

```
sudo sed -i 's/bookworm/trixie/g' /etc/apt/sources.list
sudo apt update
sudo apt upgrade --without-new-pkgs
sudo apt full-upgrade
```

Ya tatu inasasisha vilivyopo bila kuongeza vipya, ya nne ndiyo inayoruhusiwa kuondoa na kuongeza ili toleo jipya likae sawa. Kugawa hivyo kunapunguza uwezekano wa mfumo kuondoa kitu unachokihitaji. Ilipakua zaidi ya GB 1, tukatumia bando la usiku. Mara mbili iliuliza kama ibadilishe faili la mipangilio, nikajibu `N` kubakiza letu. Saa mbili na nusu baadaye tukawasha upya, na jibu la `uname -r`, amri inayoonyesha toleo la kiini, likaanza na 6.12.

Yapo ambayo Debian haiyafikii. BIOS ya mashine ni ileile aliyoiacha mtengenezaji, na tundu lililomo humo litabaki. Video za 1080p zinakatika, kwa sababu kichakataji kinazifungua peke yake bila msaada wa kadi ya picha. Akishusha hadi 480p zinakwenda vizuri. Viraka vya usalama vya toleo hili vitaendelea hadi 2030. Mitihani ya mwezi uliopita ameichapa kutoka humo, na tulichobadilisha baada ya hapo ni kibao cha herufi A.